Mchango Umekamilika, Fedha Hazijafika: Uhakiki wa Utambulisho wa Mchangishaji

Katika vijiji vya Kilema, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro, changizo la matibabu si jambo jipya. Ukoo hukutana chini ya migomba, daftari hufunguliwa, na kila mmoja husema atakachotoa. Mtunza fedha anajulikana, baba yake anajulikana, na nyumba yake inaonekana kutoka mahali kikao kinapofanyika. Hakuna anayemtaka mtunza fedha athibitishe kwamba yeye ni nani.

Siku hizi daftari hilo limepata ukurasa wa pili, ulio mbali. Mtoto wa ukoo aishiye Marekani, Uingereza au Ujerumani hufungua kampeni katika jukwaa la kuchangisha mtandaoni, kama vile GoFundMe, na watu ambao hawajapata kufika Moshi huchangia. Hapo ndipo familia hukutana na jambo lisiloujua uzoefu wa kikao cha ukoo. Kiasi kinaonekana kwenye simu, kila mtu anakisoma, lakini fedha hazitoki. Jukwaa linasema linasubiri uhakiki wa utambulisho wa mchangishaji.

Wahudumu wa afya huyaona matokeo ya jambo hili wodini na katika dirisha la malipo. Mgonjwa huahidi kulipa wiki ijayo, wiki ijayo hupita, na dozi yake husogezwa. Nyumbani nako maneno huanza, kwamba binti aliye ng'ambo amezila fedha. Mara nyingi hakuna aliyekula kitu. Kilichopo ni swali moja ambalo halijajibiwa sawasawa: ni nani anayehakikiwa, na kwa karatasi ipi?

Anayehakikiwa si mgonjwa

Jukwaa la kuchangisha halina fedha hizo mkononi kama mtunza fedha wa kikundi. Michango hupitia kwa kampuni ya malipo, na kampuni hiyo hufungwa na sheria za kuzuia utakasishaji wa fedha haramu na ufadhili wa ugaidi. Sheria hizo humtaka mlipaji amjue mtu anayemlipa kabla ya kumlipa. Tanzania inayo sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2006, na ndiyo sababu benki ya Moshi mjini nayo humwomba mteja kitambulisho kabla ya kumfungulia akaunti.

Kwa hiyo anayechunguzwa ni mtu ambaye fedha zitaingia katika akaunti yake ya benki. Ikiwa mchangishaji ndiye atakayezipokea, anahakikiwa yeye. Ikiwa amemteua mtu mwingine kuwa mnufaika, anahakikiwa mnufaika. Cheti cha daktari, picha ya mgonjwa akiwa kitandani na ankara ya hospitali havijibu swali hili hata kidogo. Karatasi hizo hujibu swali jingine, yaani kama hadithi iliyoandikwa kwenye kampeni ni ya kweli. Maswali hayo mawili yakichanganywa, siku nyingi hupotea.

Kuna pia mpaka wa kijiografia ambao familia nyingi huujua wakiwa wamechelewa. GoFundMe hulipa kwenye akaunti za benki za nchi chache tu, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini pamoja na Australia. Tanzania haimo, wala nchi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Mgonjwa wa Kilema mwenye akaunti katika benki ya Moshi hawezi kuteuliwa kuwa mnufaika akalipwa moja kwa moja. Njia iliyopo ni mchangishaji anayeishi katika nchi inayokubaliwa kuzipokea fedha kwa jina lake mwenyewe, kisha kuzituma Tanzania, na kulieleza jambo hilo waziwazi katika maandishi ya kampeni.

Mfano wa mama wa Kilema

Mfano ufuatao umebuniwa, lakini kila kikwazo kilichomo ni cha kawaida. Mama wa miaka 58, mkulima wa kahawa na ndizi, amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Madaktari wamempangia dawa za saratani kwa njia ya mshipa, mizunguko sita, kila mmoja baada ya siku 21. Mzunguko wa kwanza ni tarehe 9 Machi, wa pili tarehe 30 Machi, na wa tatu tarehe 20 Aprili. Baada ya hapo atahitaji mionzi, nauli na mahali pa kulala. Hana bima.

Binti wa kaka yake ni muuguzi msaidizi nchini Marekani. Tarehe 2 Machi anafungua kampeni kwa jina ambalo nyumbani wote wanamwita. Kufikia tarehe 18 Machi watu 64 wamechangia jumla ya dola 5,200. Jukwaa hukata asilimia 2.9 ya kila mchango pamoja na senti 30. Asilimia 2.9 ya 5,200 ni dola 150.80, na senti 30 mara 64 ni dola 19.20. Makato ni dola 170, hivyo kinachobaki ni dola 5,030. Ni vema familia ikaelezwa hesabu hii mapema, kwa maana tofauti kati ya kiasi kinachoonekana kwenye ukurasa na kiasi kinachofika ndiyo mbegu ya kwanza ya lawama.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 18 anataka kumteua shangazi yake kuwa mnufaika. Orodha ya nchi inafunguka, na Tanzania haionekani. Anaghairi uteuzi huo na kujiweka yeye mwenyewe kuwa mpokeaji. Tarehe 19 anapata taarifa kwamba utambulisho wake haukuthibitika, na atume nyaraka.

Anachofanya ni kile ambacho wengi hufanya. Anampigia simu shangazi, shangazi anakwenda hospitalini, na barua ya daktari yenye muhuri inapigwa picha na kutumwa. Tarehe 23 inakataliwa. Anatuma picha ya leseni yake ya udereva. Tarehe 26 nayo inakataliwa, kwa kuwa taarifa za leseni hazilingani na zile alizojaza. Tarehe 30 Machi shangazi anapata dozi ya pili kwa mkopo wa kikundi cha akiba cha kijijini, na kijijini maneno yanaanza.

Kosa liko kwenye jina

Mtanzania hupewa jina lake, likafuatwa na la baba, kisha la babu au la ukoo. Fomu za ng'ambo huuliza jina la kwanza na jina la mwisho tu. Mtu mmoja anaweza kujikuta na majina yaliyopangwa kwa namna tatu tofauti bila kudanganya popote. Pasipoti inayo majina yote matatu, kadi ya benki inayo mawili, na ukurasa wa kampeni unalo jina la ubatizo pamoja na jina ambalo watu wa nyumbani wamelizoea.

Kwa binti wa mfano huu, ndoa imeongeza tofauti nyingine. Leseni yake ya udereva ina jina la ukoo wa mume. Akaunti ya benki, iliyofunguliwa kabla ya ndoa, ina jina la baba yake. Kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii ya Marekani nazo hazijabadilishwa. Uhakiki wa kwanza hufanywa na mfumo wa kompyuta, ambao hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya Hifadhi ya Jamii na kumbukumbu zilizopo. Mfumo hauelewi kwamba mtu ameolewa. Unaona watu wawili.

Tiba ya kosa hili haianzi na kutuma karatasi nyingi zaidi. Inaanza na kuziweka nyaraka zote mezani na kuchagua jina moja. Jina hilo linapaswa kuwa lile lile, herufi kwa herufi, mahali patatu: kwenye kitambulisho cha serikali ambacho muda wake haujaisha, kwenye akaunti ya benki, na kwenye sehemu ya taarifa za kupokea fedha katika jukwaa. Huko Marekani liwe pia ndilo lililo katika kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii. Jina linaloonekana na wachangiaji juu ya kampeni ni jambo la pembeni. Jina la kisheria linalohakikiwa ni lile lililojazwa kwenye taarifa za malipo.

Binti anakuta kwamba pasipoti yake ya Tanzania, ambayo bado ni halali, ina jina la baba yake, sawa na benki na sawa na Hifadhi ya Jamii. Leseni ndiyo iliyo peke yake. Tarehe 31 Machi anasahihisha taarifa za malipo zifuate pasipoti, anatuma picha ya pasipoti badala ya leseni, na tarehe 2 Aprili anakubaliwa. Kama asingekuwa na pasipoti halali, ingemlazimu kupeleka cheti cha ndoa katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii na benki ili kumbukumbu zote zifuate jina jipya, kazi ambayo huchukua wiki kadhaa.

Hatua za kukamilisha uhakiki

Mchangishaji anapopata taarifa ya kukwama, na asome kwanza ni kipengele gani kimekwama. Utambulisho, anwani, akaunti ya benki na maelezo ya kampeni ni vipengele vinne tofauti, na kila kimoja kina dawa yake. Taarifa hiyo isomwe ndani ya akaunti yake ya jukwaa, baada ya kuingia mwenyewe. Asifuate kiungo kilichotumwa na mtu asiyemfahamu.

Kwa utambulisho, kinachotakiwa ni picha ya rangi ya pasipoti, leseni au kitambulisho cha taifa. Waraka uwekwe juu ya meza yenye rangi tofauti nao, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Pembe zote nne zionekane, maandishi yote yasomeke, na pasiwe na mng'ao unaofunika picha au namba. Kadi yenye pande mbili hupigwa pande zote mbili. Nakala ya mashine, picha ya skrini na waraka uliokwisha muda wake ni sababu za kawaida za kukataliwa, na mtu anaweza kukataliwa mara tatu kwa ajili ya mng'ao tu huku akidhani anashukiwa.

Kwa anwani, kinachohitajika ni mahali mtu anapoishi. Sanduku la posta halitoshi. Mtanzania aliyezoea kuandika sanduku la posta katika kila fomu hulijaza bila kufikiri, na mfumo hulirudisha. Mtu aliyehama karibuni na ahakikishe kwamba benki nayo inayo anwani mpya.

Kwa akaunti ya benki, mwenye akaunti awe yule yule aliyehakikiwa. Akaunti ya mume, ya rafiki, au ya kanisa la Watanzania mjini humo haitapokea fedha zilizohakikiwa kwa jina la mke. Wengi hujaribu njia hii wanapochoka kungoja, na matokeo yake ni uhakiki kuanza upya.

Kipengele cha nne ndicho kinachohusu hospitali. Wakati mwingine jukwaa humwuliza mchangishaji ana uhusiano gani na mgonjwa, fedha zitatumikaje, na zitamfikiaje mtu aliye Tanzania. Jibu zuri ni fupi na lina ukweli unaoweza kukaguliwa: yeye ni mtoto wa kaka wa mgonjwa, atapokea fedha katika akaunti yake, atalipa kiasi fulani moja kwa moja hospitalini kwa ankara iliyoambatishwa, na kinachobaki atakituma kwa mgonjwa kwa ajili ya nauli na malazi. Maneno hayo hayo yaandikwe pia kwenye ukurasa wa kampeni, ili wachangiaji na wakaguzi wasome jambo moja.

Baada ya uhakiki kukubaliwa, malipo hufika benki kwa kawaida ndani ya siku 2 hadi 5 za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za nchi ya benki hazihesabiwi. Jukwaa pia huweka ukomo wa muda wa kukamilisha uhakiki. Ukomo huo ukipita, kampeni huweza kusimamishwa na michango kurudishwa kwa waliotoa. Tarehe ya ukomo iandikwe kando ya tarehe za dozi, kwenye karatasi moja.

Karatasi ambayo hospitali inaweza kutoa

Barua ya hospitali haimthibitishi mchangishaji, lakini barua iliyoandikwa vizuri huokoa siku nyingi pale kipengele cha nne kinapoulizwa. Inatosha iwe na jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, namba ya faili, huduma inayohitajika, makadirio ya gharama kwa shilingi, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, muhuri, na namba ya simu rasmi ya taasisi. Jina la mgonjwa kwenye barua likitofautiana na jina lililo kwenye kampeni, mkaguzi aliye mbali hana njia ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Ni rahisi kuongeza mstari mmoja unaosema kwamba mgonjwa hujulikana pia kwa jina lile jingine.

Yaliyomo katika faili yabaki katika faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Mhudumu atoe barua kwa mgonjwa mwenyewe, au kwa idhini yake ya maandishi, na barua iseme kile tu kinachohitajika. Majibu ya maabara, picha za jeraha na ukurasa mzima wa historia ya ugonjwa havisaidii uhakiki, na vikishawekwa mtandaoni havirudi tena.

Jambo jingine ambalo mhudumu anaweza kufanya ni kuuliza mapema. Mgonjwa akisema fedha zinakuja kutoka ng'ambo, swali la kumwuliza si kiasi gani kimepatikana, bali kama mchangishaji amekwisha kuhakikiwa. Kama bado, ratiba ya malipo isipangwe kwa kutegemea fedha hizo, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ajulishwe kabla ya siku ya dozi, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta njia nyingine.

Hatua ya mwisho, hapa nyumbani

Fedha za mfano wetu zinaingia benki ya Marekani tarehe 8 Aprili. Binti anatuma sehemu ya matibabu moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, akiandika namba ya faili ya shangazi katika maelezo ya malipo. Bila namba hiyo, fedha huweza kukaa katika akaunti ya hospitali bila mhasibu kujua ni za nani. Sehemu iliyobaki anaituma kwa njia ya simu. Hapo uhakiki unarudi kwa mara ya pili, safari hii upande wa Kilema.

Laini anayotumia shangazi ilisajiliwa na mwanawe, ambaye sasa yuko Arusha. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulifikia kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa mwezi Januari 2020, akaunti ya fedha ya simu hufuata jina la aliyeisajili laini. Mtumaji anapoandika jina la shangazi, huduma ya kutuma fedha huona jina la mwingine, na fedha husimama au hurudi. Kupiga *106# huonyesha usajili wa laini, na jambo hilo hufanyika kwa dakika moja, kabla fedha hazijatumwa. Laini ikiwa si ya mgonjwa, asajili laini yake kwa namba yake ya NIDA, au mtumaji aandike jina la mwenye laini akijua kwamba huyo ndiye atakayezipokea.

Kwa wazee, na itazamwe pia tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mzee ambaye tarehe yake ilikadiriwa wakati wa usajili huweza kutaja nyingine anapoulizwa dirishani. Aitaje ile iliyo katika namba yake.

Kungoja huku kuna hatari moja zaidi. Habari ya kwamba fedha zimekwama huwafikia pia matapeli. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa ni wa jukwaa au wa kampuni ya simu, akiomba ada ya uhakiki, namba ya siri, au namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Uhakiki wa utambulisho haulipiwi ada, na hakuna mkaguzi wa kweli anayehitaji namba ya siri ya mtu. Anayeomba kimojawapo kati ya hivyo akatiwe simu.

Katika mfano huu, malipo ya hospitali yanasomeka tarehe 13 Aprili, na dozi ya tatu inatolewa tarehe 20 kama ilivyopangwa. Mkopo wa kikundi unalipwa kutoka katika fedha zilizobaki. Binti anatuma nyumbani picha za kurasa mbili, ile ya jukwaa yenye tarehe 2 Aprili, siku aliyokubaliwa, na ile ya benki yenye tarehe 8. Zinasomwa kwa sauti katika kikao cha ukoo, na mtunza fedha anazinakili katika daftari, chini ya orodha ya michango ya kijijini: dola 5,200 zilizochangwa, dola 170 za makato, dola 5,030 zilizopokelewa.